Mabano Manane Kwenye Aya Moja

Shangazi yangu alibeba tasnifu yake ndani ya kiboksi cha kubebea chanjo. Kilikuwa kile cha plastiki ya bluu chenye mkanda wa begani, kilichoondolewa kazini kwa sababu mfuniko wake haukubana tena sawasawa. Alisema karatasi hazihitaji baridi, zinahitaji tu zisilowe. Walinzi wa geti la chuo chetu walikwisha kumzoea. Walimwita Mama Chanjo, na kila alipopita walijishika mabega na kujifanya wanakimbia sindano.

Jumatatu ile alipoingia maktaba hakuwatania. Alikuja moja kwa moja hadi dawati langu, akaweka kiboksi juu ya kaunta, akaketi bila kuulizia habari za nyumbani. Mimi ni msaidizi wa dawati la marejeo, ghorofa ya chini, karibu na mashine ya kunakili. Watu huja kwangu kuuliza wapi pa kuweka nukta na wapi pa kuweka mwaka. Nimezoea kuona watu wazima wakikaribia kulia kwa ajili ya koma, lakini shangazi yangu sikuwahi kumwona hivyo.

"Wameirudisha," alisema.

"Nani, Shangazi? Si Profesa alishasema iko sawa?"

"Profesa amesema iko sawa. Dada wa ofisi ya tasnifu amesema haiko sawa. Na Ijumaa saa kumi jioni usajili wangu unakufa."

Hapo inabidi nieleze ametoka wapi, la sivyo mtu atadhani ni mwanamke wa kutishwa na karatasi.

Alichanja watoto kwa miaka ishirini na mmoja katika zahanati ndogo, ya vyumba vitatu na benchi la nje. Baadaye alihamishiwa chuo cha wauguzi kufundisha, na huko ndiko alikojikuta. Akiwa darasani sauti yake hubadilika. Huwafundisha wanafunzi kushika mguu wa mtoto na kuchoma sindano kwa kutumia mdoli na chungwa, naye hujua jina la kila mmoja na nani kati yao huzimia akiona damu. Kisha tangazo likabandikwa: mkufunzi asiye na shahada ya uzamili atarudishwa wodini mwisho wa mwaka wa masomo. Shangazi alikuwa na miaka hamsini na miwili na magoti mabovu. Zamu za wodi hakuziogopa sana. Alichoogopa ni kuondoka mbele ya ubao. Akajisajili hapa kwetu kusoma afya ya jamii, akasoma Jumamosi na likizo, akaandika tasnifu kuhusu watoto wasiomalizia chanjo ya surua. Miaka aliyoruhusiwa ilikuwa inaishia Ijumaa hiyo.

Kosa lake la kwanza lilitokana na rejista. Katika rejista ya chanjo muuguzi hujaza ukurasa mzima, mtoto kwa mtoto, kisha husaini mara moja chini kabisa. Saini hiyo inabeba ukurasa wote, na hakuna anayeuliza inaanzia mstari gani. Shangazi akaandika mapitio yake ya maandiko kwa mkono uleule. Aya nzima, sentensi saba au nane kutoka ripoti moja, kama ile ya wataalamu wa Jopo la Chanjo, halafu mwishoni kabisa mabano ya chanzo, kama saini. Kwake lilikuwa jambo la heshima: nimemaliza, nimesaini, nawajibika.

Mtahini wa nje hakuona hivyo. Aliorodhesha aya ishirini na tatu na kuandika kuwa haijulikani chanzo kinaanzia wapi, na kwamba sehemu nyingine zinaweza kuonekana ni wizi wa maandishi.

Neno wizi lilimlaza kitandani siku mbili. Alipoinuka alikwenda kwa msimamizi wake, mzee ambaye wanafunzi humwita Profesa Mabano, naye akamwambia kwa ufupi: "Kila sentensi. Kila sentensi weka chanzo, na usinibishie." Shangazi hakubisha. Wiki tisa alikaa mezani na kuweka mabano. Binti yake, kitinda mimba, msichana wa kidato cha tatu asiyejua kunyamaza, aligeuza nyumba kuwa uwanja wa mzaha.

"Chumvi imeisha (Mama, mwaka huu)," alisema siku moja wakati wa chakula. "Ilikuwa imebaki kidogo (Mama, mwaka huu). Aliyeimaliza hajulikani (Mimi, jana)."

"Endelea tu," shangazi alimwambia. "Siku yako ya kuandika tasnifu nitakuwa hai, na nitakuja kukaa hapohapo nicheke."

Sasa dada wa ofisi ya tasnifu, ambaye kazi yake ni kukagua kama nakala imefuata mwongozo wa chuo kabla haijajalidiwa, alikuwa ameirudisha. Aliweka karatasi ya njano kwenye ukurasa wa thelathini na moja: *Mabano manane ya chanzo kimoja kwenye aya moja. Haisomeki. Tazama mwongozo, uk. 14. Rekebisha aya zote za namna hii.* Na kwenye fomu ya marekebisho palikuwa na nafasi ya saini ya msimamizi. Bila saini ya Profesa, dada hapokei. Bila kumkaidi Profesa, dada hapokei pia.

"Niambie basi," shangazi alisema. "Wewe ndiye uliyesomea. Mlango upi una ufunguo?"

Nilimwambia arudi kesho yake asubuhi, kabla foleni haijaanza, tukae vizuri.

*

Jumanne alikuja na maswali yake ameyaandika nyuma ya kadi za chanjo zilizoharibika, swali moja kwa kadi moja. Alizipanga juu ya meza ya kusomea. Mimi nilileta mwongozo wa chuo na kuufungua ukurasa wa kumi na nne, ambao kwa kweli ni nusu ukurasa tu.

"La kwanza," alisema huku akivuta miwani. "Chanzo ni kimoja. Sentensi ni saba. Nakitaja mara ngapi?"

"Unakitaja kwenye sentensi ya kwanza inayokitumia. Zinazofuata huhitaji kurudia mabano, almradi msomaji anaona wazi kuwa bado uko kwenye chanzo kilekile."

"Ataonaje? Ana ramani?"

"Wewe ndiye ramani, Shangazi. Unaandika 'ripoti hiyo ilibaini pia', au 'Jopo liliongeza kuwa'. Maneno yako yanamshika mkono."

Aliandika kwenye kadi. Akachukua ya pili.

"Kwa nini ile ya mwisho wa aya haitoshi? Mimi nimeisaini."

"Kwa sababu mtu akifika pale chini hajui mabano yanabeba sentensi ile moja ya mwisho au yote nane. Akitaka kuhakiki, aanzie wapi?"

Aliigeuza kadi. "Kumbe mtahini alikuwa na haki."

"Alikuwa nayo."

"Mtahini wa watu. Nimemtukana wiki tisa." Akachukua kadi ya tatu. "Chanzo kingine kikiingia katikati?"

"Ukikitaja kingine, kamba imekatika. Ukirudi kwa kile cha kwanza, kitaje upya."

"Aya mpya?"

"Kitaje upya, hata kama ni kilekile. Msomaji huanza aya mpya na mikono mitupu."

"Nikinukuu maneno yao hasa, neno kwa neno?"

"Hapo huwezi kuahirisha. Alama za kunukuu, chanzo na namba ya ukurasa, palepale."

"Na hii ni sheria ya dunia nzima?"

"Hapana. Ni ya mtindo huu wa mwandishi na mwaka ambao chuo chetu kinautumia. Wanaotumia tanbihi wana taratibu zao. Wewe shikilia huu, ndio utakaopimwa nao."

Alicheka kwa mara ya kwanza. "Miaka ishirini na mmoja nimefundishwa kwamba usipoiandika dozi, hukuitoa. Sasa unaniambia niandike mara moja halafu niaminiwe."

"Mara moja mahali panapofaa."

Tukafungua ukurasa wa thelathini na moja tuujaribu. Aya ilikuwa hivi, nami nainakili kama ilivyokuwa maana kila kitu kilichofuata kilitoka humo:

*Watoto wengi hukosa dozi ya pili ya surua (Jopo la Chanjo, 2014). Pengo ni kubwa zaidi katika vituo vidogo (Jopo la Chanjo, 2014). Dozi ya kwanza huhudhuriwa vizuri (Jopo la Chanjo, 2014). Mama wengi husahau tarehe ya kurudi (Jopo la Chanjo, 2014). Wengine hurudi siku waliyopangiwa, lakini huambiwa warudi wiki ijayo kwa kuwa watoto waliofika ni wachache (Jopo la Chanjo, 2014). Baada ya kurudishwa mara mbili mama hukata tamaa (Jopo la Chanjo, 2014).* Na kadhalika hadi mabano manane.

"Futa haya yote ubakishe la kwanza," nilisema, nikipitisha penseli. "Hapa weka 'Jopo lilibaini'. Hapa 'ripoti hiyo'. Hapa pia…"

"Hapo simama," alisema.

Kidole chake kilikuwa kwenye sentensi ya tano.

"Hiyo si ya Jopo."

"Ni ya nani?"

"Ni yangu." Alivua miwani. "Hiyo nimeiona mimi. Na inayofuata."

Nikaenda rafu za ripoti nikaileta ile ya Jopo, jalada la kijani lenye vumbi. Tuliisoma sura yote ya dozi ya pili, wawili, vidole vikifuatana. Mama kusahau ilikuwamo. Mama kurudishwa haikuwamo popote.

Alinieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa historia ya ugonjwa wake mwenyewe. Chanjo ya surua huja katika chupa ya dozi kumi. Ukishaifungua una saa sita, kinachobaki unamwaga. Wakifika watoto wawili, mkubwa wa kituo anakukataza kufungua: dozi nane zitamwagwa, na wilayani watauliza. Unamwambia mama arudi wiki ijayo, pengine watakuwa wengi. Mama amefika tarehe ileile iliyo kwenye kadi. Anarudi wiki ijayo, wako watatu. Wiki ya tatu haji.

"Na wataalamu wakija na rejista zao wanaandika kwamba amesahau," alisema. "Niliichomeka hapo kwenye rasimu ya kwanza kabisa, nilikuwa na hasira. Ikawa katikati ya aya, saini chini. Halafu Profesa akasema kila sentensi, nami nikaweka mabano kila sentensi kama mtu anayechanja foleni. Sikutazama usoni."

Alizivuta zile aya ishirini na tatu, akachukua penseli yangu, akaanza kuzipitia moja moja. Hadi maktaba inafungwa alikuwa amepigia mstari sentensi kumi na moja. Zote zilikuwa zake. Zote alikuwa amewapa wengine.

*

Jumatano aliniomba nimsindikize kwa Profesa nibebe ripoti ya Jopo. Nilijua hahitaji mbebaji. Sikuwa na moyo wa kwenda, maana mimi mbele ya maprofesa huwa ninakuwa fanicha, lakini nilikwenda.

Ofisi yake ilikuwa mwisho wa korido, ina dirisha moja linalotazama ukuta wa jengo jingine. Tasnifu zilipangwa sakafuni hadi usawa wa kiti. Alitupisha tukae kwa kuhamisha mafungu mawili.

"Mama, nilishakwambia iko tayari," alianza. "Kuna nini tena?"

"Ofisi ya tasnifu imeirudisha, Profesa. Wanasema mabano yamezidi."

"Wamezidi wao. Kila sentensi, Mama. Mwambie yule binti aje aniulize mimi."

"Ameniambia nisome ukurasa wa kumi na nne."

"Mwongozo, mwongozo!" Alitupa mikono. "Mwongozo hautakaa kwenye kikao cha nidhamu. Mimi nimekaa. Mwanafunzi wangu, kijana mzuri kabisa, aliweka chanzo mara moja kwenye ukurasa mzima. Walimwita mwizi. Mtoto wa watu alilia mbele yangu kama aliyefiwa, na mimi nikaulizwa nilikuwa nasimamia nini. Tangu siku ile, kila sentensi. Hakuna aliyewahi kuitwa mwizi kwa kutaja mno."

Shangazi alifungua taarifa ya mtahini akaisoma kwa sauti ileile ya darasani: "'Ionekane wazi chanzo kinaanzia wapi na kinaishia wapi.' Profesa, hajasema kila sentensi. Amesema mwanzo na mwisho."

Profesa aliichukua karatasi, akaisoma mwenyewe, midomo ikichezacheza. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama, nikampa mwongozo.

"Huu umebadilishwa lini?"

"Miaka mitatu iliyopita, Profesa," nilisema. Hayo ndiyo maneno yangu yote ya siku ile.

Alisoma nusu ukurasa ule mara mbili. Alionekana amechoka ghafla. "Haya," alisema. "Haya. Fanya hivyo. Lete kesho nisaini." Shangazi alikwisha kuinuka aliposema tena: "Na hii mistari ya penseli ni ya nini?"

Angeweza kusema si kitu, nami niliomba kimoyomoyo aseme hivyo. Akaketi tena akamweleza.

Profesa alisikiliza hadi mwisho. "Acha zilivyo," alisema.

"Zilivyo, chini ya jina la Jopo?"

"Nani atafungua ripoti ya Jopo, Mama? Una siku mbili."

"Nitakuwa nimewasingizia."

"Basi zitoe."

"Au niandike kwamba ni zangu. Kwamba ndicho alichokiona mtafiti akiwa muuguzi."

"Ukisema ni zako nitakuuliza ushahidi. Rejista inaonyesha mama waliorudishwa?"

"Rejista inaonyesha waliochanjwa tu."

"Waliorudishwa hawakuandikwa?"

"Hawakuandikwa."

"Nani hakuwaandika?"

Shangazi aliweka kiganja juu ya mistari ya penseli.

"Mimi," shangazi alisema.

Profesa hakufurahi kuwa amelipata jibu hilo, nampa haki yake. Alivua miwani akaipangusa kwa tai. "Mama yangu, sikiliza. Nakuamini. Lakini mtahini ameshaisoma kazi hii. Kurekebisha mabano ni kurekebisha mabano. Ukiingiza dai jipya kwa jina lako, lazima irudi kwake, na hurudi baada ya miezi mitatu. Ijumaa itakuwa imepita zamani. Iandike makala baadaye. Kusanya takwimu, omba kibali, andika."

"Baadaye," shangazi alisema.

"Nisaini ipi, basi? Niambie wewe."

Aliomba ampe hadi kesho.

Kwenye korido alitembea polepole, mkono ukutani. Tulipofika ngazi alisimama. "Unaona walivyonijengea?" alisema. "Nikiacha, ni uongo. Nikitoa, ni uongo mwingine, maana itabaki ile ya kusahau peke yake, na mtu akisoma atadhani nami ninasema hivyo. Nikisema kweli, narudi wodini."

"Shangazi, kutoa si uongo."

"Wewe hukuwatazama wale mama usoni, mwanangu."

Ukurasa wa kumi na nne hauna hilo.

*

Alhamisi nzima alikaa kwenye meza ya mwisho, karibu na dirisha, akisahihisha kwa kompyuta ya maktaba. Kila nilipopita na kikapu cha vitabu niliona aya zikipungua uzito. Mabano manane yakawa moja. Ilikuwa kazi nzuri. Sijaona mwanafunzi aliyeielewa haraka vile. Pale chanzo cha pili kilipoingia, alikitaja, na aliporudi kwa cha kwanza akakitaja upya. Aya mpya, akataja. Zile sentensi kumi na moja alizinakili kwa mkono kwenye kadi zake, moja kwa kila kadi. Kisha akazifuta kwenye kompyuta. Alifuta ya tano ya ukurasa wa thelathini na moja mwisho wa zote, akakaa akitazama mahali ilipokuwa.

Baada ya muda aliniita.

"Swali. Umesema sihitaji kurudia chanzo ikiwa iko wazi. Je, nimekatazwa?"

"Kurudia? Hukukatazwa. Si kosa ukiwa na sababu."

"Sababu ninayo." Akaandika, akanigeuzia kioo nisome.

*Jopo la Chanjo (2014) lilibaini kuwa watoto wengi hukosa dozi ya pili ya surua. Pengo hilo, kwa mujibu wa ripoti hiyo, ni kubwa zaidi katika vituo vidogo, ingawa dozi ya kwanza huhudhuriwa vizuri. Kwa maoni ya Jopo, mama wengi husahau tarehe ya kurudi.*

"'Kwa maoni ya Jopo,'" nilisoma.

"Wameisema wao. Wakae nayo. Kila mtu aone ni ya kwao, nami sikuigusa."

Alipeleka kwa Profesa alasiri ileile. Profesa alisoma ukurasa ule, kalamu ikiwa juu ya "kwa maoni". Shangazi anasema mzee alimtazama, naye akamtazama, kisha mzee akashusha kalamu kwenye fomu akasaini.

Ijumaa saa nane mchana tulisimama mbele ya dirisha la ofisi ya tasnifu. Dada wa pale alikuwa mwembamba, mwenye rula ndefu aliyoitumia kufuatia mistari. Alipekua hadi thelathini na moja.

"Hii sasa inasomeka, Mama," alisema. "Ila hapa umelirudia Jopo bure. Ilikuwa wazi tayari."

"Ni kosa?"

"Si kosa. Ni mapenzi tu."

"Basi niachie mapenzi yangu, dada."

Dada alicheka, akapiga muhuri. Mlio wa muhuri ulikuwa mdogo kuliko nilivyotarajia. Shangazi aliuliza kama amemaliza, akaambiwa amemaliza, akauliza tena. Walinzi wa geti walijishika mabega. Safari hii aliwanyooshea kidole kama sindano, nao wakapiga kelele. Lakini tulipokaa kituoni aliniambia kwamba bado ana hisia ya kusahau kitu dukani.

*

Alibaki darasani. Barua ilikuja, jina lake halikuwamo kwenye orodha ya wanaorudi wodini, na binti yake akamtengenezea kadi ya pongezi yenye mabano kila mahali. Kuhusu makala, aliandika kuomba kibali cha kukusanya takwimu katika zahanati. Akajibiwa aeleze kwanza atapataje idadi ya watoto waliorudishwa ikiwa hakuna rejista inayowaonyesha. Barua hiyo iko kwenye droo pamoja na kadi kumi na moja.

Nilimtembelea kazini mwezi uliopita, nikakaa nyuma ya darasa nikimngoja. Ilikuwa siku ya wanafunzi kuwasilisha. Msichana mmoja wa mwaka wa pili, mwenye sauti nyembamba na kujiamini kwingi, alisimama kusoma kuhusu surua.

"Mama wengi husahau tarehe ya kurudi," alisoma. Kisha akainua macho akatabasamu kama anayetoa zawadi. "Hii nimeitoa kwako, Mwalimu. Tasnifu yako, ukurasa wa thelathini na moja."

Darasa likapiga makofi. Shangazi hakupiga.

"Umeisoma yote aya hiyo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Iko nawe? Soma ilivyo."

Msichana alipekua simu yake. "'Kwa maoni ya Jopo, mama wengi husahau…'" Kidole chake kikarudi mwanzo wa sentensi. "Ah. Ni ya Jopo."

"Ni ya nani?"

"Ya Jopo, Mwalimu. Samahani."

"Usiombe samahani, rekebisha. Ukimtaja aliyenukuu badala ya aliyesema, umembebesha mtu mzigo usio wake. Tafuta ripoti yenyewe, usome, umtaje mwenyewe."

"Sawa, Mwalimu." Aliandika. Lakini hakuketi. Wanafunzi wake hawamwogopi, hilo ndilo alilowafundisha. "Na wewe, Mwalimu? Wewe umechanja miaka yote hiyo. Wanasahau kweli?"

Shangazi alikuwa ameshika chaki. Darasa zima lilimtazama, kalamu zikiwa tayari, nami nyuma kabisa nilimtazama pia. Alifungua mdomo. Nilijua anachokijua, neno kwa neno, na nilijua swali linalofuata: tukiandika, Mwalimu, tuweke chanzo gani?

"Hapana," alisema. "Hawasahau."

Kalamu zikaanza kwenda. Alizitazama zikiandika, akainua mkono.

"Hilo msiliandike bado," alisema.